Kukaa na kulima: kipi kilitangulia?

"Mjomba, mwalimu katuambia watu walianza kulima, ndiyo wakaacha kuhamahama wakajenga vijiji. Sasa kama walikuwa hawakai mahali, shamba walilisubirije mpaka likomae?"

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza, Temeke, na swali lake limegusa penyewe. Mwalimu ana hoja: mwenye shamba lazima alilinde dhidi ya ndege na wanyama, na akishavuna magunia hawezi kuyabeba kila anapohama. Miji mikubwa ya kale yote ililishwa na wakulima. Hilo silipingi.

Lakini twende Abu Hureyra, kando ya Mto Frati, Syria. Wataalamu walipachimba mwaka 1972 na 1973, mbio mbio, kwa sababu bwawa la Tabqa lilikuwa linajengwa na maji yangepafunika. Leo pako chini ya ziwa. Chini kabisa walikuta kijiji cha miaka zaidi ya 13,000 iliyopita. Wakazi wake walikuwa wawindaji wa swala na wachumaji wa mbegu za porini, za aina zaidi ya mia. Kuna mbegu zinazokomaa majira haya na nyingine majira yale, na zote zimo kwenye majivu ya mahali pamoja. Hiyo ni dalili kwamba watu walikuwapo karibu mwaka mzima, na hawakuwa wakulima. Mahali penye neema ya kutosha, mtu alikaa kwanza, jembe likaja baadaye.

Tunajuaje kwamba mbegu ni za porini? Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Chukua suke la ngano pori lililokomaa, ulitikise: punje zinapukutika zenyewe, kwa sababu mmea unataka kujipanda. Kila punje inaacha kovu laini pale ilipoachana na kikonyo. Mara chache mmea mmoja huzaliwa na kasoro, punje zake zinang'ang'ania suke. Porini kasoro hiyo ni hasara. Kwa mvunaji mwenye mundu ni faida, maana za wenzake zimeshamwagika chini na za huyu anafika nazo nyumbani. Akipanda sehemu ya alichovuna, mwaka unaofuata wenye kasoro wanaongezeka kidogo. Punje hizo haziachi suke mpaka zipurwe, na kovu lake ni la kuchanika.

Ila kovu moja halitoshi kuwa ushahidi. Hata ngano pori ikivunwa mbichi inachanika hivyo hivyo, kwa hiyo wataalamu huhesabu makovu mengi na kutazama uwiano. Wako waliokadiria kwamba kwa mundu na kupanda kila mwaka, mabadiliko yangekamilika ndani ya miaka 20 hadi 200. Mbegu za kale zilizochimbuliwa zinaonyesha ilichukua zaidi ya miaka elfu. Vizazi na vizazi walipanda huku wakiendelea kuchuma, na naamini hakuna aliyejua kwamba anaanzisha kitu.

Baadaye Abu Hureyra palikuwa na nyumba za matofali ya udongo na watu kwa maelfu. Anayetetea kilimo ana haki ya kunionyesha kijiji hicho: chakula cha akiba, na uji wa kumwachishia mtoto ziwa mapema, mama akashika mimba nyingine. Mimi namwonyesha mifupa. Mtaalamu Theya Molleson aliichunguza akakuta vidole gumba vya miguu, magoti na migongo ya chini imeharibika, hasa kwa wanawake. Ni mtu aliyepiga magoti, vidole vimekunjwa chini yake, akisukuma jiwe la kusagia mbele na nyuma kwa saa nyingi kila siku. Hapa Dar unapeleka mahindi mashineni na kurudi na unga kabla maji hayajachemka. Yule alilipa kwa magoti yake. Na kurudi kwenye uchumaji hakukuwezekana tena, kwa kuwa pori lililolisha watu mia au mia mbili lisingelisha maelfu.

Ila usiende kumwambia mwalimu kwamba kila mahali watu walikaa kwanza. Mtama unaouona sokoni Tandale asili yake ni Afrika hii hii. Mashariki ya Sudan, karibu na Kassala, vimepatikana vigae vya vyungu vya miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Wafinyanzi walichanganya makapi ya mtama kwenye udongo, na alama zilizobaki zinaonyesha mtama pori pamoja na mtama ulioanza kung'ang'ania suke. Sehemu kubwa ya Afrika ng'ombe walitangulia shamba: watu waliofuata malisho walikuwa wafugaji kwa karne nyingi kabla ya kupanda chochote. Huko kilimo hakikukuta kijiji kilichokwisha kujengwa kama Abu Hureyra, kiliwakuta watu na mifugo yao.