"Toa Maelezo Zaidi" Ndiyo Nini Sasa?

Nimemwandikia aliyenitumia ripoti aya nzima. Faili la ripoti linafunguka kwenye kompyuta, kwenye simu linagoma, limeanza jana. Jibu likaja: "Tafadhali toa maelezo zaidi."

Zaidi yapi, jamani? Rangi ya simu? Nilivyoamka? Mimi ndiye nisiyejua tatizo, halafu nikisie na unachotaka kujua! Basi nikamwaga kila kitu: aina ya simu, picha tano za skrini, nusura niambatanishe cheti cha kuzaliwa. Siku mbili baadaye: "Bado hayatoshi."

Kumbe alitaka kitu kimoja tu! Angeandika hivi: "Nimeelewa kwamba kwenye kompyuta linafunguka. Nisichojua ni ukubwa wa faili lililoko kwenye simu yako. Nauliza kwa sababu upakuaji ukikatika njiani, faili hubaki nusu. La kwangu ni megabaiti 4. La kwako linaonyesha ngapi? Bonyeza jina lake kwa muda, fungua taarifa zake, utaona."

Ningejibu palepale: megabaiti 1. Kazi kwisha!

Ona lile swali: halinirudishi mwanzo, linataja pengo lenyewe, na hata linanionyesha pa kuchungulia. Nanyi mnaopenda "fafanua", kabla ya kutuma jazeni hii: "Nikijua fulani, nitafanya fulani." Imekataa kujazika? Basi hata wewe hujui unachouliza, ndugu yangu, unanisukumia tu mzigo urudi kwangu.

Haya, nani mwingine ameshafikia picha ya skrini ya sita?