Ile "m" ya kalamu nyekundu

Majuzi binti wa jirani yangu, ambaye ni muuguzi, alibisha hodi jioni akiwa na barua mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisomee hii kabla sijaituma." Ilikuwa barua ya utambulisho kwa ajili ya kazi ya hospitali nje ya nchi. Msimamizi wake wa wodi ndiye aliyeiandika, na ofisi moja iliyotakiwa kuipiga muhuri ilikuwa imeipitia kwa kalamu nyekundu. Sentensi iliyomsumbua ni hii:

"She is a nurse who I am certain will serve your patients well."

Kalamu nyekundu ilikuwa imeongeza herufi moja tu, "who" ikawa "whom". Akaniuliza ipi ni sahihi. Nikamwambia msimamizi wake aliandika sawasawa, hiyo m ifutwe.

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na naona kosa hili linatupata zaidi sisi tunaojitahidi. Asiyejali huandika "who" kila mahali, na mara nyingi anapatia. Anayejali amesikia kwamba "whom" ni ya barua rasmi, basi akiiona barua rasmi anaichomeka, kama mtu anayevaa tai kwa sababu anaenda ofisini. Lakini "whom" haiwekwi kwa sababu ya heshima ya barua. Inawekwa pale tu ambapo neno hilo linatendewa na kitenzi, au linapotanguliwa na kihusishi chake kama "with" au "for".

Tuichambue ile sentensi kuanzia baada ya neno "nurse". Kuna vitenzi viwili vilivyokamilika, "am" na "will serve", na kila kitenzi cha namna hiyo lazima kiwe na mwenyewe, yaani kiima chake. Mwenye "am" ni "I". Mwenye "will serve" ni nani? Ukitafuta kushoto na kulia humpati mwingine ila hiyo "who". Ndiyo inayohudumia wagonjwa, basi ibaki "who". Tena "I am certain" haina mtu inayemtendea, maana huwezi kusema "I am certain her". Kwa hiyo hiyo "whom" ya kalamu nyekundu haikuwa na kazi yoyote ya kufanya pale.

Kinachomdanganya msomaji ni jinsi maneno yalivyopangana. "I am certain" imeingia katikati, imemtenga mwenye kitenzi na kitenzi chake. Jicho linaona "who" ikifuatwa na "I", linadhani "I" inamfanyia jambo huyo mtu. Toa maneno hayo matatu na usome tena: "a nurse who will serve your patients well." Hapo hakuna ambaye angeongeza m.

Sisi wenye Kiswahili tuna msaada mwingine ambao sijauona kwenye vitabu vya sarufi ya Kiingereza nilivyofundishia. Vitabu vinasema jaribu "he" au "him", lakini kwetu yote mawili ni "yeye", kwa hiyo mwanafunzi hasikii tofauti. Tofauti yetu imo ndani ya kitenzi. Sema: muuguzi ambaye nina hakika *atawahudumia*. Kitenzi kinaanza na a-, yeye ndiye mtenda, andika "who". Sasa sema: muuguzi *niliyemsimamia* kwa miaka 3. Aliyeanza ni ni-, na yeye amekaa katikati kama -m-, ametendewa. Andika "a nurse whom I have supervised for 3 years." M yetu na m yao hazina undugu, lakini kukutana kwake kunasaidia sana kukumbuka.

Jaribio hili lina mahali linapokwama, na napenda niseme wazi. Vitenzi vyetu vya kuona na kudhani hukubali vyote viwili kwa pamoja: muuguzi *tunayemwona anafaa*. Kuna -m- na kuna a-. Hapo Kiswahili hakikuamulii, rudi kwenye Kiingereza chenyewe utazame kitenzi cha pili kimekaaje. Ukikuta "is", kitenzi kimekamilika na kinadai mwenyewe: "a nurse who we believe is ready." Ukikuta "to be", hakidai: "a nurse whom we believe to be ready." Hapa "whom" ni sahihi kabisa, kwa sababu ungesema "we believe her to be ready". Na ukijaribu kuyatoa maneno "we believe", inabaki "a nurse whom to be ready", sentensi imevunjika. Kuvunjika huko ndiko kunakokuonyesha kwamba "we believe" lilikuwa linamshika huyo mtu.

Najua wako watakaosema kosa hili ni la zamani na limefanywa na wakubwa. Ni kweli. Katika tamthilia ya The Tempest ya Shakespeare, iliyochapwa 1623, kuna Ferdinand "whom they suppose is drown'd", muundo uleule wa barua yetu. Na Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmaki aliyeandika mengi juu ya sarufi ya Kiingereza, aliitetea "whom" ya namna hii katika kitabu chake cha 1924. Namheshimu, lakini simshauri muuguzi anayeomba kazi amfuate. Atakayeisoma barua yake hatamfikiria Jespersen. Ataona mtu aliyetaka kuandika kwa urasmi akakosea. Ndiyo maana nashauri hivi: ukiwa na shaka na huna muda wa kupima, andika "who". "Who" iliyokaa mahali pa "whom" Waingereza wenyewe huipitisha kila siku. "Whom" iliyokaa mahali pa "who" inaonekana mara moja na kila anayejua.

Isipokuwa baada ya kihusishi. "The nurse with who I worked" haipiti katika barua rasmi, lazima "with whom".

Kabla hajaondoka, binti alinionyesha mstari wa mwisho, ambao kalamu nyekundu ilikuwa imeugusa pia: "Please pass this letter to whomever is handling her application." Safari hii walijitetea kwa "to", kwamba kihusishi kinataka m. Lakini "is handling" nayo inataka mwenyewe, na mwenyewe ni hilo neno hilohilo. Kihusishi "to" kinashika kishazi chote, "whoever is handling her application", si neno la kwanza peke yake. Ndani ya kishazi kitenzi ndicho kinachoamua, basi ni "whoever".

"Sasa mbona huku juu ni whom?" akauliza, akigusa kichwa cha barua kwa kidole: To Whom It May Concern. Swali zuri mno. Nikamwambia asiitazame "to", atazame "concern". Mwenye kitenzi hicho ni "it", na anayehusika anatendewa: jambo *linamhusu*. Akalirudia neno hilo polepole, akaisikia -m-, akachukua kalamu akafuta mwenyewe zile m mbili za chini.