Kiwanja, Gari au Ada: Shauri Lianze Kabla ya Arubuni

Mwishoni mwa mwaka 2018 mimi na mke wangu tulikuwa na akiba ya shilingi milioni 11, na kati ya hizo milioni 4 zilikuwa zake, jasho la biashara ya vitenge na mgao wa kikoba chake pale Ngamiani, Tanga. Mimi nilitaka kiwanja Pongwe. Yeye alikuwa akitazama ada za watoto wawili, na sote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, tulikuwa tumeshatamani gari dogo la mtumba lililokuwa likiuzwa milioni 10 na nusu. Jioni moja dalali akanipigia simu kwamba kuna mnunuzi mwingine, nami nikatoa arubuni ya shilingi laki tano kabla sijarudi nyumbani. Nililiona jambo dogo, kwa kuwa nilikuwa nimekusudia kumweleza usiku uleule.

Mke wangu hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Baba watoto, hati umeiona?" Sikuwa nimeiona. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: kwamba sasa hatuna tena shauri la kufanya, kwa sababu nimemwachia achague kati ya kukubali na kupoteza laki tano.

Ndipo nilipoelewa mahali ambapo sheria yetu inasimama na mahali ambapo haisimami. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwenye nyumba ya ndoa kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Huo ni mlango wa kutokea. Kwenye mlango wa kuingilia, yaani siku ya kununua, hakuna anayekuuliza kama mwenzio anajua; ukiwa na fedha mkononi, muuzaji atazipokea. Na hapo ndipo ndoa nyingi ninazozifahamu zinapoumia, kwa kuwa fedha ya watu wawili hutoka kwa uamuzi wa mmoja, na mwingine huitwa baadaye aone na kushukuru.

Kilichotokea Pongwe kilinifundisha zaidi. Tulimwomba mwanasheria afanye upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati, na ikaonekana kwamba kiwanja ni halali na kiko kwa jina la muuzaji. Mwanasheria akataka pia ridhaa ya mke wa muuzaji kwa maandishi. Mama huyo alikuja akiwa na khanga mabegani, akaketi, akasogezewa karatasi, akasoma mstari wa kwanza, akamgeukia mumewe na kumuuliza, "Kiwanja kipi hiki?" Kumbe yeye ndiye aliyelipia upimaji wake kwa fedha za upatu, na hakuwahi kuambiwa kwamba kinauzwa. Kalamu hakuigusa. Biashara iliishia palepale, na arubuni yetu tulirudishiwa kwa mafungu, la mwisho baada ya miezi miwili. Tulipokuwa tukirudi ndani ya daladala sikuwa na neno la kumlaumu yule mzee, kwa sababu alichomfanyia mkewe wakati wa kuuza ndicho nilichomfanyia wangu wakati wa kununua.

Usiku wa pili tulitandika mkeka, tukafungua daftari la kaunta, na mke wangu akataka kila kitu kiandikwe kwa gharama yake ya mwaka mzima, si kwa bei ya kununulia. Gari ndilo lililobadilika sura zaidi. Lita tatu za petroli kwa kila siku ya kazi zilitupa kama shilingi 170,000 kwa mwezi, wakati daladala na bodaboda zilikuwa zikitumaliza kama 60,000. Tofauti ya 110,000 kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 1,320,000, na tulipoongeza bima, servisi na matairi, ambavyo tulivikadiria laki tisa, tukafika shilingi 2,220,000 kila mwaka. Ada ya watoto wote wawili katika shule binafsi ilikuwa 2,400,000. Kwa hiyo gari lingemaliza karibu akiba yote, kisha kila mwaka lingedai fedha inayokaribia ada. Kwa familia ambayo gari lake linaingiza kipato hesabu ni nyingine, lakini letu lingekuwa la kutupeleka kazini na harusini tu.

Ada nayo tuliitazama upya. Kuanzia mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne, ingawa sare, daftari na michango mingine bado vipo, kwa hiyo ada ya shule binafsi ni chaguo la mzazi. Hata hivyo chaguo hilo likishafanyika, si kila wakati linaweza kutenguliwa. Mkubwa wetu alikuwa anaingia darasa la sita, akiwa amesoma masomo yake kwa Kiingereza tangu la kwanza, na kumhamishia shule inayofundisha kwa Kiswahili miaka miwili kabla ya mtihani wa darasa la saba kungekuwa kumvuruga. Mdogo alikuwa bado hajaanza la kwanza. Tukatenga shilingi 2,400,000, ada ya mkubwa ya miaka miwili, na mdogo tukamwandikisha shule ya serikali hapa mtaani. Nakiri kwamba jambo hili liliniuma, na liliniuma zaidi kumwona mke wangu nalo, kwa sababu watoto wa nyumba moja hulinganisha hata vipande vya mkate.

Kiwanja tulikipata baadaye Kange, mita za mraba 600 kwa shilingi milioni 5.4, na tuliweka laki sita pembeni kwa ajili ya mwanasheria, usajili na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja ya bei. Tulihakikisha pia mkataba unataja nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, kwani kisheria ni ya muuzaji, lakini mazungumzo ya mdomo huihamishia kwa mnunuzi. Zikabaki milioni 2.6, nazo hatukuzigusa.

Lililobaki lilikuwa majina. Kifungu cha 60 cha sheria ileile kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa wana haki sawa. Baadhi ya wazee wangu walinishauri niandike langu peke yangu, wakisema kumtunza mke ni wajibu wa mume na mali ya mke ni yake mwenyewe. Ni kweli, na kwa sababu hiyohiyo sioni ni kwa haki gani milioni 4 zake zingepotelea ndani ya hati yenye jina langu.

Mwanasheria akatuuliza tunataka umiliki wa namna gani, swali ambalo hatukulitarajia. Katika umiliki wa pamoja usio na mafungu, mmoja akifariki aliyebaki huchukua chote. Katika umiliki wa hisa, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Mke wangu alifikiria mirathi, akamfikiria mama yake mzazi aliye Muheza, kisha akasema, "Hisa, nusu kwa nusu." Tukaandika hivyo.