Kuosha magari Kayole: anza na hesabu ya tanki

"Nina shilingi 60,000 na kiploti cha kukodi karibu na steji ya bodaboda Kayole. Nianze kuosha magari, pikipiki na baiskeli?"

Wateja hawatakusumbua. Bodaboda wanapaki hapo hapo, na mvua ikishaacha matope kwenye njia za ndani, abiria hapandi kiti kichafu. Kinachonipa wasiwasi ni maji, kwa sababu bomba la Nairobi huja kwa zamu.

Tuchukulie unaosha magari 10 na pikipiki 20 kwa siku. Kwa mashine ya presha, gari dogo hutumia kama lita 80 na pikipiki kama lita 30 ukiwa makini. Hizo ni lita 1,400. Tanki la lita 5,000, ambalo huenda likala nusu ya mtaji wako au zaidi, litakauka siku ya nne. Zamu ikiwa siku mbili kwa wiki, siku tano kavu zinataka lita 7,000, kwa hiyo utanunua lita 2,000 kwa watu wa mikokoteni: mitungi 100. Mtungi ukiwa shilingi 20, hiyo ni 2,000 kila wiki, na kiangazi kikikaza bei hupanda.

Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi, nenda siku ya zamu ukapime bomba lenyewe. Mtungi wa lita 20 ukijaa kwa dakika mbili, tanki litajaa kwa saa nane na ushee. Ukichukua dakika sita, utakesha na bado halitajaa. Waulize pia wapangaji jirani zamu hukosekana mara ngapi. Ratiba iliyobandikwa haitakwambia hilo.

Ushindani una sura mbili. Kituo cha mafuta chenye kisima chake hakikaukiwi, na kwa magari sioni utakavyokishinda. Ila maji ya visima vingi vya huku yana chumvi: yakikaukia juani kwenye gari jeusi huacha madoa meupe, na mwenye gari huyaona. Kwa pikipiki uko pazuri zaidi, maana bodaboda akienda kupanga foleni mbali anapoteza abiria. Ukitoza gari 200 na pikipiki 100, lita moja inakuletea shilingi 2.50 kwa gari lakini zaidi ya 3 kwa pikipiki. Siku ya ukame, pikipiki zitangulie.

Baiskeli zioshe zikija, lakini usizipangie bajeti.

Angalia pia maji machafu yataelekea wapi. Yakitiririka barabarani na mafuta yake, askari wa kaunti watakufikia mapema, na kiploti kikiwa ndani ya hifadhi ya barabara utavunjiwa hata kama ulimlipa anayejiita mwenyewe.

Mimi ningeanza na pikipiki peke yake: 20 kwa siku ni lita 600, na tanki hilo hilo linavuka siku tano kavu bila mkokoteni. Magari ningeyaongeza baada ya kununua tanki la pili.