Mapungufu ya tasnifu hayapimwi kwa wingi wa radhi

Msahihishaji yeyote wa tasnifu za uzamili huku kwetu Moshi na Arusha anaijua aya hii ya mapungufu ya utafiti: muda ulikuwa mfupi, fedha hazikutosha, baadhi ya waliohojiwa hawakutoa ushirikiano, ila mtafiti aliwaelimisha kwamba taarifa zao ni kwa ajili ya masomo tu, wakakubali. Kwa maoni yangu aya hiyo haistahili hata alama moja. Haisemi lolote kuhusu matokeo. Ukiitoa kwenye tasnifu ya kahawa ukaipachika kwenye tasnifu ya malipo ya simu, itakaa vizuri tu.

Inakotoka panajulikana. Iliandikwa kwenye andiko la utafiti, kabla mwanafunzi hajaenda uwandani, kwa kubahatisha yatakayomkuta. Aliporudi alibadilisha wakati tu, "itakuwa" ikawa "ilikuwa". Mara nyingi bado iko Sura ya Kwanza, sura ambayo haijui chochote kilichotokea. Dalili nyingine ni kwamba kila tatizo linaisha kwa utatuzi: mvua ilinyesha lakini mtafiti alitumia bodaboda, wazee hawakujua Kiswahili vizuri lakini alipatikana mkalimani. Kama kila kitu kilitatuliwa, basi hakuna pungufu lililobaki la kuripoti, na sehemu nzima ingeweza kufutwa.

Ninachopendekeza kwa wasimamizi na watahini ni kuisoma sehemu hii mwisho kabisa. Anza na ikisiri, nenda kwenye mbinu, pitia majedwali yote, soma hitimisho. Kisha, kabla hujafungua sehemu ya mapungufu, andika kwenye karatasi yako mambo matatu au manne ambayo wewe unaona yanayumbisha matokeo. Ndipo ulinganishe. Ukianza na orodha ya mwanafunzi, utajikuta unatazama alikokuelekeza, na pungufu kubwa litakupita.

Tuchukue tasnifu ya mfano, niliyoitunga kwa ajili ya makala hii. Mwanafunzi anauliza kama wakulima wa Moshi Vijijini waliopanda miche bora ya kahawa wanavuna zaidi ya wenye miche ya zamani. Amepata orodha ya wanachama 1,200 wa AMCOS kadhaa, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, akatumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambapo N ni idadi ya wanachama wote, e ni kiwango cha kosa na n ni idadi ya watakaohojiwa:

```
n = N / (1 + N*e^2)
n = 1200 / (1 + 1200*0.05^2) = 300
```

Akapanga kuhoji 300, akawapata 214. Wenye miche bora wastani wao ni gramu 480 za kahawa kavu kwa mche, wenye miche ya zamani gramu 310. Hitimisho linasema miche bora inaongeza mavuno kwa gramu 170. Sehemu ya mapungufu inasema: "Mtafiti anakiri kwa masikitiko kuwa sampuli ilikuwa ndogo kuliko ilivyokusudiwa, hivyo matokeo haya yasichukuliwe kuwa sahihi kwa wakulima wote."

Msomaji wa haraka ataona huo ni uungwana. Hebu tuupime. Ukiigeuza kanuni ileile ukaweka 214, kiwango cha kosa kinapanda kutoka asilimia 5 hadi takriban asilimia 6.2. Hilo tu. Mwanafunzi ameomba radhi kwa jambo dogo, na kwa sentensi moja ameshusha thamani ya kazi yake yote bila sababu. "Yasichukuliwe kuwa sahihi" ni sentensi ambayo msimamizi anapaswa kuikata kwa kalamu nyekundu. Kama matokeo si sahihi, anatetea nini mbele ya jopo?

Sasa fuata ile herufi n kutoka jedwali hadi jedwali. Kazi hii inachukua dakika 10 na hakuna nyingine inayofichua zaidi. Jedwali la taarifa binafsi lina watu 214: 96 wa miche bora, 118 wa miche ya zamani. Jedwali la mavuno lina watu 171: 87 na 84. Watu 43 wamepotea njiani na hakuna sentensi inayowataja. Kati yao 9 tu ni wa miche bora, 34 ni wa miche ya zamani. Kwa hiyo kundi moja limepoteza chini ya mtu 1 kati ya 10, lingine karibu watu 3 kati ya 10. Sampuli kuwa ndogo ni jambo la kustahimilika. Sampuli kupungua upande mmoja ni habari nyingine kabisa.

Waliopotea ni akina nani? Kama ni wale wanaovuna kidogo kiasi kwamba hawapimi, au hawakupeleka kitu chamani msimu ule, basi waliobaki kwenye kundi la miche ya zamani ni wale wenye nafuu. Wastani wa 310 umepanda kuliko hali halisi, na tofauti ya gramu 170 huenda ni ndogo kuliko ilivyo kweli. Tazama vizuri: pungufu hili, likisemwa wazi, linaweza hata kuipa nguvu hoja ya mwanafunzi. Amelificha kwa kudhani kila pungufu ni aibu.

Lakini lipo lingine linalovuta upande wa pili, nalo ndilo kubwa. Kwenye jedwali la taarifa binafsi, ambalo wengi hulipita bila kulisoma, wenye miche bora wana wastani wa ekari 2.4 na wenye miche ya zamani ekari 1.3. Aliyeweza kung'oa mibuni ya babu yake kwenye kihamba, akanunua miche mipya na kusubiri kama miaka mitatu hadi izae, huenda tangu mwanzo alikuwa na ardhi zaidi, fedha zaidi na samadi zaidi. Sehemu gani ya zile gramu 170 ni mche, na sehemu gani ni uwezo wa mkulima? Ongeza umri wa miti: mbuni wa miaka 6 unalinganishwa na wa miaka 40. Ongeza pia kwamba arabika ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, na dodoso limeuliza msimu mmoja tu, tena kwa kumbukumbu, miezi kadhaa baada ya mavuno. Hakuna hata moja kati ya haya kwenye sehemu ya mapungufu.

Pungufu nikilipima, nataka lijibu maswali manne. Nini hasa kilitokea? Kinagusa tokeo lipi? Kinalisukuma juu au chini? Na baada ya hapo, mwanafunzi bado anaweza kusema nini? Swali la tatu ndilo linalotenganisha anayeelewa kazi yake na anayejaza ukurasa. "Wakulima huenda walisahau mavuno yao" ni nusu ya sentensi. Walisahau kwa kuongeza au kwa kupunguza, na makundi yote mawili yalisahau sawasawa? Kama yalisahau sawasawa, wastani wa kila kundi una shaka lakini tofauti kati yao haijavurugika sana. Kama wenye miche bora wanatembelewa na mabwana shamba na wanajua jibu linalotarajiwa, tofauti imevimba.

Mara nyingi swali hilo linajibika kwa data zilezile alizo nazo mwanafunzi. Achukue wakulima wenye ekari 1 hadi 2 tu wa makundi yote mawili na kurudia ulinganisho. Tuseme tofauti inashuka kutoka gramu 170 hadi 90. Sasa pungufu limepata ukubwa, na aya inaweza kuandikwa hivi:

"Waliopanda miche bora walikuwa na mashamba makubwa kuliko wenzao, na utafiti huu haukuwafuatilia kabla hawajapanda. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ya gramu 170 inaweza kutokana na uwezo wa mkulima. Ulinganisho wa wenye ekari 1 hadi 2 peke yao ulitoa tofauti ya gramu 90, ambayo tunaiona kuwa makadirio ya tahadhari zaidi. Kwa upande mwingine, wakulima 34 wa miche ya zamani hawakutaja mavuno. Kama walivuna kidogo kuliko wengine, tofauti halisi ni kubwa kuliko iliyoripotiwa. Utafiti unaonyesha uhusiano kati ya miche bora na mavuno kwa wanachama wa AMCOS kwa msimu mmoja, na hauwezi kuthibitisha kwamba mche peke yake ndio chanzo."

Humo hamna radhi, wala neno "kwa masikitiko". Hamna pia kujikweza. Mtahini aliyekuwa na orodha yake mkononi anabaki na swali la umri wa miti na la msimu mmoja, na hayo ni maswali mazuri ya kuulizwa kwenye utetezi. Naelewa hofu ya wanafunzi kwamba ukikiri umempa mtahini fimbo. Ila mtahini anayejua kazi atalipata jedwali la watu 171. Akilikuta halina maelezo anaanza kujiuliza nini kingine kimefichwa, na hapo ndipo "marekebisho madogo" yanapogeuka "marekebisho makubwa".

Wanafunzi wengine huungama uchaguzi wao halali kana kwamba ni dhambi. Aliyefanya mahojiano ya kina na watu 12 anaomba msamaha kwamba hawezi kutoa asilimia za wilaya nzima. Hakuahidi asilimia. Aliamua kuuliza kwa kina, na uamuzi huo mahali pake ni kwenye upeo wa utafiti pamoja na sababu zake. Pungufu lake la kweli lingekuwa, kwa mfano, kwamba wote 12 walipendekezwa na katibu wa chama.

Taabu za uwandani nazo nyingi ni taabu tu. Barabara za Kibosho kuteleza wakati wa masika si pungufu la utafiti, isipokuwa kama kwa sababu hiyo vijiji vya juu havikufikiwa. Huko juu ndiko ukanda mzuri zaidi wa kahawa uliko, na wakulima wake wasipohojiwa wastani unabadilika. Mwanafunzi akiandika "barabara zilikuwa mbaya", msimamizi aulize: ni nani hakuhojiwa?

Chuo kinacholazimisha kichwa hiki kiwe Sura ya Kwanza, sawa, upeo ukae huko. Mapungufu yenyewe yaandikwe baada ya mjadala, Sura ya Tano, na pale mwanzoni iwekwe sentensi moja inayoelekeza msomaji.

Ukaguzi wa mwisho ni wa vitenzi. Rudi kwenye ikisiri na mapendekezo ukiwa na aya ya mapungufu mbele yako. Kama aya inasema "uhusiano" na ikisiri bado inasema "inaongeza", ungamo halijafika linakotakiwa. Vivyo hivyo pendekezo la "serikali igawe miche bora kwa wakulima wote wa mkoa" haliwezi kubaki kwenye tasnifu iliyohoji wanachama wa AMCOS peke yao. Hapo namrudishia mwanafunzi nakala nikiwa nimepigia mstari hayo maneno mawili, "inaongeza" na "wote", na sisaini hadi yabadilike.