Lifti ya Kilimani na mia nane ya kila mwezi

"Ghorofa letu la Kilimani lina nyumba 30 na lifti moja mpya. Tuanze kuweka pesa ya kuibadilisha sasa, au tuchangishane itakapokufa?"

Tuseme lifti kama hiyo leo ni shilingi milioni 5 na itafanya kazi miaka 20. Wengi hugawa tu: 250,000 kwa mwaka, kama 700 kwa kila nyumba kwa mwezi. Hapo ndipo hesabu huharibika. Bei ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, mwaka wa 20 mtatakiwa kutoa milioni 13.3. Hata akiba ikizaa asilimia 8 baada ya kodi, 250,000 zitafika milioni 11.4 tu, na pengo la karibu milioni 1.8 litawakuta lifti ikiwa imesimama. Kiasi kinachotosha kila mwaka hupatikana kwa kuandika hivi kwenye lahajedwali kama Excel:

```
=PMT(8%,20,0,-13270000)
```

Jibu ni karibu 290,000 kwa mwaka, yaani 805 kwa nyumba kwa mwezi. Mkisubiri mwaka wa 10 ndipo muanze, itakuwa takriban 2,550.

Wanaopinga wana hoja. Pesa inayolala kwenye akaunti huonjwa: leo pampu ya maji imeungua, kesho geti, na kila mara ni "tutarudisha". Tena anayeuza nyumba mwaka wa tano huacha alichochanga, na lifti mpya ataipanda mwingine. Hoja hii ya pili naiona dhaifu, maana miaka hiyo mitano alikuwa akiichakaza lifti hiyohiyo.

Hoja nzito ni kwamba lifti haifi kwa mkupuo. Umeme unaoyumba huunguza bodi ya kudhibiti, milango huchakaa, na kamba za chuma zikianza kutoa vumbi jekundu ujue zinasagika kwa ndani. Lakini reli na uzito wa kusawazisha mara nyingi hubaki. Kulenga lifti nzima kunaweza kuwatoza watu zaidi kuliko inavyohitajika.

Hata hivyo kuchangishana siku ya msiba ni kubaya zaidi. Milioni 13.3 kwa nyumba 30 ni zaidi ya 440,000 kila moja, na wanne wakikataa kulipa, mzee wa ghorofa ya saba atapanda ngazi miezi kadhaa.

Ningechagua mchango unaokua: 551 kwa nyumba kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, ukiongezeka asilimia 5 kila mwaka hadi karibu 1,390 mwaka wa 20. Unafikia lengo lilelile bila kuwabana wa mwanzo. Akaunti iwe ya peke yake, mbali na ada ya huduma, yenye watia sahihi watatu. Kila miaka mitatu fundi asiye wa kampuni inayoitengeneza aikague, kisha bei na miaka iliyobaki viingizwe upya kwenye hesabu.