Fomu ya Papo Hapo au Ukurasa wa Kutua: Gharama ya Jina Moja Haitoshi Kuamua

Ripoti ya matangazo inapowekwa mezani, safu inayotazamwa kwanza ni gharama ya kila mteja mtarajiwa, na katika safu hiyo tangazo lenye fomu ndani yake mara nyingi hulishinda tangazo linalompeleka mtu kwenye ukurasa wa kutua, yaani ukurasa wa tovuti ulioandaliwa mahsusi kupokea mibofyo. Maoni yangu ni kwamba safu hiyo isitumike kabisa kuchagua kati ya njia hizi mbili, kwa sababu inahesabu kitu tofauti katika kila njia huku ikikiita kwa jina moja.

Katika fomu ya papo hapo ya Facebook au Instagram, mtu hatoki ndani ya programu. Jina, barua pepe na namba ya simu hujazwa kutoka kwenye wasifu wake, naye hubaki na kazi ya kubonyeza vitufe viwili au vitatu tu. Anayetuma fomu hiyo huenda ana nia ya dhati, huenda alivutiwa kwa sekunde kumi tu, na huenda barua pepe iliyojazwa ni ile aliyofungulia akaunti zamani na ambayo haisomi tena. Kwenye ukurasa wa kutua, mtu husubiri ukurasa ufunguke, husoma walau sehemu ya maelezo, kisha kwa kawaida huandika taarifa zake kwa mkono wake. Usumbufu huo huwapunguza watu, na wengi wa wanaopungua ni wale ambao hata simu wasingeipokea.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo kinachouza kozi ya uhasibu ya jioni. Chuo kinatumia fedha 2,000 kwa fomu na 2,000 nyingine kwa ukurasa wa kutua, kwa tangazo lile lile. Fomu inaleta majina 200, yaani 10 kwa kila jina, na ukurasa unaleta 80, yaani 25 kwa kila jina. Meneja anayeishia hapo atahamishia bajeti yote kwenye fomu siku hiyo hiyo. Lakini wahudumu wa simu wanapomaliza kazi yao, katika wale 200 wamepatikana 104 na wanaofaa ni 22, yaani wenye uwezo wa kulipa ada, nafasi ya kuhudhuria jioni na nia ya kuanza muhula ujao. Katika wale 80 wamepatikana 62, na wanaofaa ni 28. Gharama ya tangazo kwa kila anayefaa sasa ni takriban 91 kwa fomu na 71 kwa ukurasa.

Bado hatujahesabu muda wa watu. Kila jina, pamoja na simu zisizopokelewa, ujumbe wa kufuatilia na kuandika kumbukumbu, likichukua wastani wa dakika 15, majina ya fomu yanakula saa 50 na ya ukurasa saa 20. Mhudumu akilipwa 8 kwa saa, fomu inaongeza 400 na ukurasa 160. Gharama kamili kwa kila anayefaa inakuwa takriban 109 dhidi ya 77. Kiasi hiki cha 400 hakimo katika ripoti yoyote ya jukwaa la matangazo, ndiyo maana husahaulika, na wanaokilipa kwa uchovu ni wahudumu ambao baadaye huambiwa kwamba hawajui kuuza.

Sikuchagua waliolipa ada kuwa kipimo cha mfano huu, nami nina sababu. Tuseme fomu imeleta wanafunzi 5 na ukurasa 8. Tofauti ya watu watatu katika idadi ndogo namna hiyo inaweza kuwa bahati tu, na mwezi ujao ikageuka. Hatua ya kati, yaani wanaofaa, iko karibu na mauzo kiasi cha kuwa na maana, na ina watu wengi zaidi wa kupimia. Sharti lake ni kwamba maana ya anayefaa iandikwe kabla ya simu ya kwanza, na mhudumu asioneshwe jina limetoka njia gani, kwani akishaamini kwamba majina ya fomu ni hafifu ataacha kupiga simu ya pili.

Sisemi kwamba ukurasa wa kutua ni bora kwa asili yake. Katika ripoti za Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, kuna safu mbili za kulinganisha, `Link clicks` na `Landing page views`. Mibofyo ikiwa 500 na waliofunguliwa ukurasa wakawa 350, basi mibofyo 150 huenda imepotea kabla ya neno moja kusomwa, na chanzo kinachopaswa kushukiwa kwanza ni ukurasa mzito unaochelewa kufunguka kwenye simu. Usumbufu wa namna hii hauchuji nia, humfukuza mwenye nia na asiye nayo kwa pamoja. Mwenye ukurasa kama huo na asiye na uwezo wa kuutengeneza upya ni heri atumie fomu, ila aongeze usumbufu wenye kazi.

Usumbufu wenye kazi ni ule unaomgharimu kidogo mwenye nia na unaomrudisha nyuma aliyevutiwa tu. Kwa chuo chetu, ningeanza kwa kuandika ada na siku za masomo kwenye utangulizi wa fomu, ili asiyeweza aondoke mwenyewe badala ya kuondolewa kwa simu ya dakika 15. Kisha ningechagua aina ya fomu iitwayo `Higher intent` badala ya `More volume`, kwa kuwa inamtaka mtu azipitie taarifa zake na kuzithibitisha kabla ya kutuma. Mwisho ningeweka swali moja ambalo jukwaa haliwezi kulijaza, kama vile kazi anayofanya sasa au sababu ya kutaka kusoma uhasibu. Swali moja linatosha, kwani manne yataigeuza fomu kuwa ukurasa mbaya. Majina yatapungua na gharama ya kila jina itapanda, na mwenye bajeti aambiwe hivyo mapema, asije akalizima tangazo siku ya tatu.

Jambo ambalo naliona zito kuliko yote ni kile ambacho jukwaa linajifunza. Kampeni inayolenga idadi ya fomu zilizotumwa huwatafuta watu wanaotuma fomu kwa urahisi, na kadiri inavyofanikiwa ndivyo inavyoweza kuwasogelea watu wenye mazoea ya kujaza kila kitu. Dawa yake ni kurudisha matokeo ya simu kwenye jukwaa kutoka mfumo wa kumbukumbu za wateja, kupitia Conversions API, yaani njia ya Meta ya kupokea matokeo kutoka mifumo ya biashara, na kuchagua lengo la `Conversion leads`, ili mfumo ujue ni akina nani walifaa. Chuo chenye watu 22 wanaofaa kwa mwezi kitakuwa na takwimu chache mno za kuufundisha mfumo vizuri, na kwa chuo kama hicho ukurasa mwepesi, unaotaja ada waziwazi, hubaki kuwa kichujio cha kutegemewa zaidi.

Fomu nayo ina sharti la kasi. Aliyetuma bila kutoka kwenye programu huendelea kutazama picha na video nyingine, na kesho yake huenda hakumbuki jina la chuo. Panapokuwa na mtu wa kupiga simu ndani ya dakika chache, fomu inaweza kulipa vizuri. Panapokuwa na desturi ya kupakua orodha ya majina kila Ijumaa, ningeielekeza mibofyo kwenye ukurasa tangu siku ya kwanza.